Mikono Isiyo na Mwenyewe

Picha ya kufundisha kukunja sambusa huwa na vitu vichache. Kuna meza au kibao, ukanda wa manda, bakuli la nyama, kijiko, gundi ya unga na maji, na mikono miwili. Mikono hiyo inaingia kutoka ukingo wa picha, inafanya kazi yake, na haina mwenyewe. Kichwa, shingo na mabega vimekatwa, na mtazamaji hashangai. Picha hiyohiyo ikimwonyesha daktari, mwalimu au mgombea ubunge bila kichwa, mhariri angepigiwa simu kabla ya saa tatu asubuhi.

Ukataji huu unabeba ahadi mbili kwa wakati mmoja. Kwa mwanafunzi, picha inasema: hii ndiyo mikono yako, ifuatishe. Kwa mpishi inasema: kazi yako itaonekana, wewe hutaonekana. Ahadi ya kwanza hutimia iwapo kamera imewekwa mahali panapostahili, jambo ambalo halitokei mara nyingi kama inavyodhaniwa. Ya pili hutimia nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoleta matatizo.

Mtindo wenyewe haukuzaliwa na simu. Ensaiklopidia ya Diderot na d'Alembert, iliyochapishwa Ufaransa katikati ya karne ya 18, ilikuwa na majuzuu 11 ya michoro yaliyotoka kati ya 1762 na 1772. Michoro mingi ya ufundi imegawanywa sehemu mbili. Juu kuna karakana nzima: mafundi wamekaa au wamesimama, kila mmoja kwenye nafasi yake, nyuso zao zimetulia kana kwamba ufundi hautoi jasho. Chini kuna vifaa vilivyopangwa kimoja kimoja, na mara nyingine mikono iliyokatwa kwenye kifundo au juu kidogo, ikishika uzi au chombo ili msomaji aone kidole kipi kinakaa wapi. Sehemu ya juu ilifundisha mkao na mpangilio wa kazi, ya chini ikafundisha vidole. Karne mbili na nusu baadaye tumehifadhi nusu ya chini ya ukurasa, ya juu tukaitupa.

Aliyeitupa kwa kishindo alikuwa mtandao. Mwaka 2015 kampuni ya Marekani ya BuzzFeed ilianzisha Tasty, mfululizo wa video fupi za mapishi zilizopigwa kutoka juu, mikono tu, sahani ikijaa kwa kasi. Mazingira yalilazimisha umbo hilo. Video za Facebook zilikuwa zinaanza zenyewe bila sauti mtu anapopitisha kidole, na mpishi anayeongea bila kusikika hana faida kubwa kuliko mpishi asiyekuwepo. Maneno yakaandikwa juu ya picha, uso ukaondolewa, na fremu yote ikaachiwa chakula. Wapishi wa nyumbani wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam walioanza kutangaza vitafunio kwa picha walikuta umbo hilo liko tayari, tena linakubaliana na jambo walilokuwa nalo zamani: stara. Mwanamke asiyetaka uso wake utembee kwenye simu za watu asiowajua hakuhitaji kueleza sababu. Mtindo ulikuwa upande wake.

Kuna sababu nyingine ya kifundi ambayo hutajwa mara chache. Kamera ya simu imeundwa kutafuta uso. Ikiuona, huuwekea ukali wa picha na kupima mwanga kwa kuufuata. Mpishi akiinama juu ya kibao na paji lake likaingia kwenye fremu, simu inaweza kuacha manda zikiwa na ukungu ili kope zake zionekane moja moja. Kuondoa uso ni kuiondolea kamera kishawishi. Baada ya hapo unagusa kioo pale vidole vilipo, unashikilia kidogo hadi simu ifunge ukali na mwanga mahali hapo, ndipo kazi inaanza.

Sasa tuchukue sambusa yenyewe. Ukanda wa manda una upana wa kama sentimita saba na urefu wa ishirini na tano hivi. Kona ya mwisho wa ukanda inakunjwa mshazari hadi ukingo wa pili, ikatoka pembetatu. Pembetatu hiyo inakunjwa tena juu ya ukanda, na kati ya tabaka unafunguka mfuko. Mfuko unashikwa kwa mkono wa kushoto, mdomo juu na ncha chini, nyama inatiwa kwa kijiko, kisha mkia wa manda uliobaki unapakwa gundi na kufunikwa mdomoni. Kosa linalowapata wengi liko kwenye ncha. Mkunjo wa pili usipobana vizuri, ncha huacha tundu dogo. Mafuta huingia kwa tundu hilo, nyama hutoka, na mafuta ya karai yanajaa vipande vyeusi kabla ya sambusa ya kumi. Namna ya kulijua mapema ni kuinua mfuko mtupu kuelekea dirishani na kuchungulia ndani: mwanga ukionekana kwenye ncha, fungua ukunje upya.

Mikunjo miwili, basi, na kila mmoja una kushoto na kulia. Hapa ndipo mahali pa kamera panapoanza kuwa na maana.

Anayesaidia kupiga picha kwa kawaida husimama ng'ambo ya meza, akitazamana na mpishi, kwa sababu ndiko nafasi iliko. Picha inayotoka inaonyesha mikono ikiingia kutoka juu ya fremu, vidole vikielekea chini. Mwanafunzi anayeitazama anaona mikono ya mtu aliyekaa mbele yake. Mkono wa kulia wa mpishi uko kushoto kwake, na kila mkunjo anapaswa kuugeuza kichwani kabla ya kuufanya mkononi. Mtu mzima anaweza, lakini anatumia kwa kugeuza akili ambayo angeitumia kuangalia ncha. Mwaka 2017 watafiti wa elimu, miongoni mwao Logan Fiorella na Richard Mayer, walilinganisha video za kufundisha kuunga vifaa vya saketi ya umeme. Kundi moja lilitazama kutoka upande wa anayefanya kazi, kundi jingine kutoka mbele yake. Waliotazama kutoka upande wa mfanyaji walifanya vizuri zaidi. Ukataji wa picha hauwezi kurekebisha hilo peke yake. Uso unaweza kuwa umeondoka, lakini mikono bado ni ya mtu mwingine.

Dawa ni kuiweka kamera nyuma ya bega la mpishi, au juu ya kichwa chake, ikitazama kibao kama macho yake yanavyokitazama. Mikono ikiingia kutoka ukingo wa chini wa picha, mwanafunzi huichukua kuwa yake bila kuambiwa. Anayefanya kazi peke yake anaweza kutumia kistendi chenye mkono mrefu, au kuifunga simu kwenye rafu iliyo juu ya meza, mradi isiangukie nyama.

Kama picha zimeshapigwa kutoka ng'ambo na mpishi amekwenda zake, kuna njia moja ya kuziokoa na njia moja ya kuziharibu, na kwenye simu vitufe vyake viko jirani. Kuzungusha picha nusu mzunguko kunaileta mikono chini ya fremu, na mkono wa kulia unabaki wa kulia. Kuigeuza kama kioo kunamfanya mpishi wa mkono wa kulia awe mshoto. Wanaofanya kosa hili hawalioni, maana picha inaonekana nzuri vilevile. Mzunguko nao hufaa tu pale kamera ilipokuwa ikitazama chini wima. Kama ilikuwa imeinama, bakuli na mikono vitaonekana vimening'inia kutoka darini.

Kamera ya mbele ya simu, ile ya selfi, ina mtego wa peke yake. Wakati wa kupiga inakuonyesha kama kioo. Baadhi ya simu huhifadhi picha hivyohivyo, nyingine huigeuza irudi sawa, na mpangilio wake umefichwa ndani ya menyu ambayo hakuna anayeifungua kwa hiari. Kipimo cha kujua ni pakiti ya unga. Iache iwe kwenye kona ya picha moja ya majaribio. Herufi zikisomeka kinyume, mikono pia iko kinyume.

Haki itendeke kwa sambusa: yenyewe haijali. Ikikunjwa kinyume inatoka pembetatu ileile na kuliwa kwa kasi ileile. Anayeumia ni mwanafunzi, na zaidi katika kazi ambazo mwelekeo unaingia ndani ya kitu chenyewe, kama kufuma kwa sindano ya kulabu, ambako safu hujengwa kutoka upande mmoja na aliyeanza kinyume hawezi tena kufuata picha ya safu ya pili. Kinyume chake pia ni kweli. Picha iliyopigwa kutoka ng'ambo, inayomchanganya anayetumia mkono wa kulia, ni zawadi kwa mshoto. Kwake mpishi aliye mbele ni kama kioo. Vitabu vya mapishi havijawahi kumfikiria, na hapa amefikiriwa kwa bahati mbaya.

Swali linalofuata ni la umbali: kusogeza simu karibu hadi uso utoke kwenye fremu, au kupiga kutoka mbali na kukata baadaye? Wengi husogea karibu, wakiamini kwamba kukata kunapoteza ubora. Hesabu inasema vingine. Kamera kuu ya simu nyingi hutoa picha ya megapikseli 12, yaani nukta 4,000 kwa 3,000, na lenzi yake ni pana. Ikiwa sentimita 60 juu ya meza, inaona eneo la kama sentimita 80 kwa 60. Tunalolihitaji ni nusu ya hapo kila upande, sentimita 40 kwa 30. Tukikata, tunabaki na nukta 2,000 kwa 1,500, ambazo zinatosha na kuzidi kwa kioo cha simu, na kwa kitabu kidogo kilichochapishwa pia.

Simu ikishushwa hadi sentimita 30, eneo linalohitajika linajaa fremu bila kukata kitu. Lakini mkono ulioinuliwa sentimita 10 juu ya meza sasa uko sentimita 20 kutoka kwenye lenzi, wakati kibao kiko 30. Utaonekana mkubwa mara moja na nusu kuliko ungekuwa umelala kibaoni. Kutoka sentimita 60, mkono uleule uko 50 dhidi ya 60, na unakua kwa sehemu moja ya tano tu. Hiyo ndiyo sababu ya zile picha ambamo mpishi mwembamba anaonekana ana kiganja cha mpakuzi wa bandarini na manda zina ukubwa wa tiketi ya daladala. Lenzi haikukosea. Ilikuwa karibu mno. Simu iliyo karibu pia hutupa kivuli chake juu ya kazi, jambo ambalo kukata hakuondoi.

Kuhusu mwanga inatosha kusema hivi: dirisha liwe upande wa kushoto wa mpishi anayetumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono unaofanya kazi kiangukie nje ya kazi. Ndiyo kanuni iliyowaketisha wanafunzi wa zamani dirisha likiwa kushoto, na haijapitwa na wakati.

Wapi pa kukata? Jibu la haraka ni kwenye kifundo cha mkono, na ni jibu baya. Mkono uliokatwa hapo unafanana na glavu iliyosahauliwa mezani. Tena unapoteza taarifa: katika kazi ya vidole, mwelekeo wa kigasha ndio unaomwambia mwanafunzi kwamba kifundo kimepinda au kimenyooka, na kwamba viwiko vimekaa mezani au vinaelea. Kwa sambusa, kata katikati ya kigasha, kati ya kifundo na kiwiko. Kwa chapati mambo hubadilika. Kukunja chapati ni kazi ya vidole, lakini kukanda unga ni kazi ya bega na uzito wa mwili. Anayekanda hunyoosha mikono na kulaza kiwiliwili mbele. Picha ya viganja juu ya donge la unga inamwonyesha mwanafunzi mahali pa kuweka viganja, haimwonyeshi nguvu inatoka wapi. Atakanda kwa vidole dakika ishirini, atachoka, chapati zitakuwa ngumu, na lawama itaiendea aina ya unga. Picha hiyo inahitaji kukatwa chini ya kidevu, siyo juu ya kiwiko. Uso unabaki nje, mwili unabaki ndani.

Kutoka juu wima pia kuna kitu kisichoonekana, nacho ni kimo. Kamera inayotazama chini inaona mduara wa chapati na haioni unene wake. Inaona mdomo wa mfuko wa sambusa na haioni ncha, ambayo imezama ndani ya kiganja cha kushoto. Ncha ndiyo somo. Mfululizo wa picha kumi za kutoka juu, zote safi, zote zenye mwanga mzuri, unaweza kufundisha kila hatua isipokuwa ile moja inayoharibu mafuta. Hapo inahitajika picha moja iliyopigwa kwa ubavu, kamera imeshuka karibu na usawa wa meza, mfuko mtupu umeinuliwa kwa vidole viwili mbele ya dirisha na ncha inamwelekea mtazamaji. Huwa haina urembo wa nyingine, na pengine ndiyo sababu huachwa.

Uso ulipoondoka uliondoka na kitu ambacho hakuna aliyekusudia kukikata, nacho ni macho. Mwaka 1999 Michael Land na wenzake nchini Uingereza walichapisha uchunguzi wa watu waliovalishwa kifaa cha kufuatilia macho wakiandaa chai. Macho yalikuwa yakitangulia mikono. Jicho hufika kwenye kitu kinachofuata takriban nusu sekunde kabla ya mkono kukigusa, na mara nyingi huondoka kwenda kwingine kabla mkono haujamaliza. Mtu anayemtazama mpishi mzima anapata taarifa hiyo bure. Akiona jicho limehamia kwenye bakuli la gundi, anajua gundi ndiyo inayofuata. Huenda hilo linasaidia kueleza kwa nini jaribio la Tamara van Gog na wenzake, lililochapishwa 2014, halikukuta kwamba uso wa mfundishaji unawapotezea wanafunzi umakini kama ilivyoweza kuhofiwa. Waliouona walifanya vizuri zaidi baada ya kutazama video mara ya pili.

Picha ya mikono tu haiwezi kurudisha macho, lakini inaweza kulipa sehemu ya deni. Unapokata, acha kwenye ukingo wa fremu kitu ambacho mkono utakiendea baadaye. Katika picha ya kujaza nyama, bakuli la gundi lionekane nusu, upande wa mkono wa kulia. Katika picha ya gundi, sinia ya sambusa zilizokwisha kukunjwa ianze kuchungulia. Kijiko nacho kisikatwe: kijiko cha chai kilicholala kando ya manda ndicho kipimo pekee cha ukubwa ambacho msomaji wa Arusha na wa Muscat wanacho kwa pamoja. Picha iliyobana vidole hadi hakuna kingine ni ya kupendeza, na haifundishi mtu ukubwa wa kitu chochote.

Hayo yalikuwa ya mwanafunzi. Mpishi aliyeahidiwa kutoonekana ana mambo yake, na la kwanza ni kwamba kukata na kufuta ni vitendo viwili tofauti. Programu nyingi hukata kwa kuficha. iPhone huhifadhi picha asili ndani ya ile iliyokatwa, ili mwenyewe akijuta airudishe. Anayeituma kwa AirDrop akiwa amewasha All Photos Data hutuma pamoja na historia hiyo. Katika Word hali ni ya wazi zaidi. Kijitabu cha mapishi kikiandaliwa humo, picha zikapachikwa na kukatwa humohumo, sehemu zilizokatwa hubaki ndani ya faili. Mpokeaji anayebofya picha na kuchagua Crop anaona uso wa mpishi ukirejea, umefifia kidogo, upande wa nje wa mstari. Tiba iko kwenye Compress Pictures, ambako kuna kisanduku cha Delete cropped areas of pictures, na lazima faili lihifadhiwe upya baada ya hapo. Njia nyepesi zaidi ni kukata kwenye simu, kupiga skrinshoti ya picha iliyokatwa, na kuipachika skrinshoti hiyo.

Hata hivyo skrinshoti nayo ina kisa chake. Machi 2023 Simon Aarons na David Buchanan walitangaza kasoro waliyoipa jina la aCropalypse katika kifaa cha kuhariri skrinshoti cha simu za Google Pixel, kiitwacho Markup. Programu ilikuwa ikiandika faili jipya dogo juu ya faili la zamani kubwa bila kukata mkia. Ni sawa na mtu anayeandika barua fupi juu ya karatasi ya barua ndefu na kufuta mistari ile tu anayoihitaji. Mistari ya chini inabaki. Kutokana na mkia huo sehemu ya picha iliyokatwa iliweza kujengwa upya. Kasoro ilikuwa imekaa humo kwa miaka kadhaa, na siku chache baadaye ikabainika kwamba kifaa cha skrinshoti cha Windows kilikuwa na tatizo la aina hiyohiyo. Zote mbili zilirekebishwa. Picha zilizokuwa zimeshasambazwa kabla ya hapo hazikurekebishika, kwa kuwa marekebisho hayafiki kwenye simu ya jirani.

Faili pia linaweza kubeba mahali lilipopigwa. Simu ikiruhusiwa kujua ilipo, huandika latitudo na longitudo ndani ya picha, na kukata uso hakuzigusi. WhatsApp huondoa taarifa hizo picha ikitumwa kama picha. Ikitumwa kama hati, ili isipungue ubora, zinakwenda nazo. Mpishi aliyeficha uso akawa ametangaza jiko lake kwa usahihi wa mita chache hajapata biashara nzuri.

Kisha ipo mikono yenyewe. Tumezoea kudhani kwamba utambulisho uko usoni, na mikono ni ya jumla. Kwa mgeni ni kweli. Kwa mtaa si kweli hata kidogo. Pete, kovu la mafuta kwenye kidole gumba, hina ya harusi ya wiki iliyopita iliyochorwa na mchoraji anayejulikana, kitambaa cha meza ambacho kila mgeni wa Idi amekula juu yake: shangazi hahitaji uso. Na kwa wenye vifaa, hata ngozi inatosha. Desemba 2014, katika mkutano wa wadukuzi wa Chaos Computer Club nchini Ujerumani, Jan Krissler alieleza jinsi alivyounda upya alama ya kidole gumba cha Ursula von der Leyen, wakati huo waziri wa ulinzi, kutokana na picha za kamera ya kawaida zilizopigwa kwenye mkutano na waandishi wa habari. Mpishi wa sambusa hana adui wa kiwango hicho. Lakini picha ya somo ni vidole vilivyowekewa ukali kwa makusudi, kwenye mwanga mzuri, kutoka karibu, yaani kila kitu ambacho mpiga picha wa waziri hakukusudia. Tahadhari ni ndogo: onyesha mgongo wa vidole pale inapowezekana, na picha itakayotoka nje ya nyumba ipunguzwe hadi nukta elfu moja na kidogo kwa upana. Mkunjo wa manda utaonekana, mistari ya ngozi haitaonekana.

Kutokuwa na uso kuna gharama nyingine, na hii wapishi wanaijua kuliko wataalamu. Picha ya mikono ni rahisi kuibwa. Mwuzaji mwingine huichukua, huiweka kwenye ukurasa wake, na mikono inakuwa yake, kwa sababu hakuna kitu kwenye picha kinachokanusha. Jina lililoandikwa kwenye kona halisaidii sana, maana aliyeweza kukata kichwa anaweza kukata na kona. Wenye uzoefu huweka alama katikati ya kazi: kibao kilekile chenye ufa, au ukanda wa kitambaa wenye jina unaopita chini ya manda, mahali ambapo mwizi hawezi kuiondoa alama bila kuondoa sambusa. Alama hiyo ndiyo ileile itakayomtambulisha kwa shangazi. Mpishi analazimika kuchagua anamficha nani.

Kabla ya kuituma picha, basi, ikuzwe kwenye kioo na ipitiwe kuanzia pembeni kwenda katikati, kwa kuwa macho ya aliyepiga yalikuwa kwenye vidole. Birika la chuma kwenye jiko la nyuma. Kioo cha dirisha baada ya saa kumi na mbili jioni, taa ikiwa imewashwa ndani. Kifuniko cha sufuria kilichosuguliwa kwa heshima ya kamera. Na kijiko, kilichoachwa kwenye fremu kwa ajili ya kipimo: kwenye tumbo lake, kichwa chini, mdogo kuliko punje ya mchele, yumo mtu mwenye mtandio wa njano aliyeinama juu ya kibao, na juu ya bega lake mkono wa msaidizi umeshika simu.